Prana na Chi: Pumzi Isiyolazimishwa

Chandogya Upanishadi, kitabu cha kale cha Wahindi kilichotungwa karne nyingi kabla ya Kristo, kina kisa cha ugomvi uliozuka ndani ya mwili wa mtu. Usemi, jicho, sikio, akili na pumzi walibishana nani kati yao aliye mkubwa. Wakaambiwa kipimo chake: mkubwa ni yule ambaye akiondoka mwili unabaki katika hali mbaya kuliko zote. Usemi akatoka mwaka mzima; aliporudi akakuta mtu ameishi kama bubu. Jicho akatoka, mtu akaishi kipofu. Sikio akatoka, mtu akaishi kiziwi. Akili naye akaenda zake, mtu akaishi kama mtoto mchanga. Ikafika zamu ya pumzi. Alipoanza tu kujiandaa kuondoka, wenzake wote waling'oka walipo, mithili ya vigingi vinavyong'olewa na farasi mwenye nguvu. Wakamsihi abaki, wakakiri kwamba ukubwa ni wake.

Pumzi huyo ndiye prana. Kisa kinaonyesha kwamba kwa Wahindi wa kale prana ilikuwa zaidi ya hewa inayopita puani. Ni uwezo unaolifanya jicho lione na sikio lisikie, na pumzi ndiyo sura yake iliyo wazi kuliko zote. Baadaye walimu wa yoga walieleza kwamba nguvu hiyo hupita katika njia zisizoonekana ziitwazo nadi, ambazo kwa hesabu ya vitabu vingi vyao ni 72,000. Tatu kati ya hizo ndizo zinazotajwa sana: ida inayoishia tundu la kushoto la pua, pingala inayoishia tundu la kulia, na sushumna inayopanda katikati, kwenye uti wa mgongo.

China nako kulikuwa na fikra ya jamaa moja na hii, ingawa haifanani nayo kwa kila kitu. Chi imo mwilini, imo pia katika hali ya hewa, katika chakula na katika ardhi. Mwilini hupita kwenye njia zake, na makao yake makuu ni dantian, sehemu iliyo upana wa vidole vichache chini ya kitovu, kwa ndani. Mwaka 1973 wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua kaburi huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha hariri chenye picha 44 za watu, wake kwa waume, wazee kwa vijana, wakijinyoosha, wakijipinda na kuinua mikono. Ni mazoezi ya kuongoza chi. Kwa hiyo tunajua kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita watu walikuwa tayari wakichora mafunzo haya ili wengine wayafuate.

Anayeanza mazoezi haya leo mara nyingi huja na wazo moja lililojikita: kwamba nguvu ya uhai huongezeka kwa kuvuta hewa nyingi. Basi huvuta kwa nguvu, hutanua kifua, hutoa kwa kishindo, na baada ya dakika chache huhisi midomo inamchonyota, vidole vinakufa ganzi na kichwa kimekuwa chepesi. Wengi huamini hapo ndipo prana imefika. Nasema wazi kwamba hisia hiyo ni dalili ya kosa.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Mtu mwenye afya, akiwa ametulia, damu yake tayari imebeba oksijeni karibu yote inayoweza kuibeba, asilimia 95 au zaidi. Kuhema kwa nguvu hakuongezi mzigo huo kwa kiasi cha maana. Kinachobadilika ni hewa ya ukaa, ambayo hutolewa nje kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, na kichwa huwa chepesi. Wakati huohuo neva hupata wepesi wa kusisimka, ndiyo maana midomo na vidole huchonyota, na mtu akiendelea vidole vinaweza kukakamaa. Kwa hiyo aliyehema kwa fujo akitafuta nguvu amepunguza damu inayofika kichwani mwake.

Walimu wa kale hawakuwa na vipimo vya damu, lakini walilijua kosa hili kwa kuwatazama wanafunzi wao. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama cha karne ya 15, kinaagiza prana ifugwe polepole kama anavyofugwa simba, ndovu au chui milia, kwa kuwa ikifanywa kwa pupa humdhuru mwenye kuifanya. Wachina nao husema pumzi iwe nyembamba, ndefu, laini na isiyosikika. Shabaha ya pande zote mbili ni kupunguza mwendo wa pumzi.

Tuchukue zoezi moja tulifuate hatua kwa hatua. Linaitwa nadi shodhana, yaani kusafisha nadi, na ndilo ambalo walimu wengi humpa mwanafunzi mapema. Tuseme anayelifanya ni mama wa makamo aliyerudi kazini jioni, bega limekaza, pumzi iko juu kifuani. Kwanza anaketi, kwenye kiti au mkekani, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Kabla ya lolote anahesabu pumzi zake kwa dakika moja bila kuzibadilisha. Anapata 16, hesabu ya kawaida kabisa kwa mtu mzima.

Kisha anauinua mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati anavikunja kuelekea kiganjani. Kidole gumba kitaziba tundu la kulia, na kidole cha pete kitaziba la kushoto. Anaziba la kulia, anavuta kwa kushoto akihesabu kimoyomoyo hadi nne, sekunde moja kwa kila hesabu. Anaziba la kushoto, anafungua la kulia, anatoa kwa hesabu sita. Halafu anavuta kwa lilelile la kulia, nne, na kutoa kwa kushoto, sita. Huo ni mzunguko mmoja. Hazuii pumzi popote. Tumbo ndilo linalojaa kwanza, kwa sababu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka. Kifua hufuata kidogo tu.

Nne na sita ni kumi, kwa hiyo kila pumzi huchukua sekunde kumi, na dakika huwa na pumzi sita. Hapa elimu ya kale na ya sasa zinakutana. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi wao kuhusu watu waliosali rozari kwa Kilatini na waliokariri mantra ya yoga. Sala zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika. Katika mwendo huo mapigo ya moyo yalikwenda sambamba na pumzi, na mfumo unaorekebisha shinikizo la damu ukawa mwepesi zaidi kuitika. Mfumo huo wenyewe una mzunguko wa asili wa takribani sekunde kumi, ndiyo maana pumzi ya sekunde kumi huuafiki. Kuongeza muda wa kutoa pumzi nako kuna kazi yake, kwani moyo hupunguza kasi wakati pumzi inatoka.

Na yale matundu mawili? Kubadilishana kwa matundu ya pua ni jambo la kweli. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza kwamba tundu moja huwa wazi zaidi kuliko jingine, na baada ya saa kadhaa hugeuzana. Ila kwamba la kushoto hupoza na la kulia hupasha moto, kama yoga inavyofundisha, hayo ni mafundisho ya jadi, na uchunguzi haujayathibitisha kwa namna ya kutosha. Faida iliyo dhahiri ni kwamba tundu moja ni njia nyembamba, hivyo pumzi haiwezi kukimbia hata mtu akitaka.

Yule mama atajuaje kama anakosea? Akijikuta anatamani kuvuta hewa kwa pupa mwishoni mwa hesabu sita, hesabu ni ndefu mno kwake. Ashuke hadi tatu na nne, akae hapo wiki moja au mbili. Ikiwa pumzi inasikika chumba kizima, anasukuma. Bega likipanda kila anapovuta, pumzi bado iko kifuani. Midomo ikichonyota, anahema kupita kiasi: aache, mkono ushuke, apumue kawaida. Dakika tano zinatosha kwa siku, na akiwa na mafua aliache kabisa.

Wachina huanzia upande wa pili, kwenye mwendo. Chukua tendo la kwanza la Baduanjin, mazoezi manane ambayo mamlaka ya michezo ya China iliyapanga upya na kuyatangaza kwa umma mwaka 2003. Mtu anasimama, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Mikono inakutana chini ya kitovu, vidole vimefumwa, viganja vinatazama juu. Inapanda hadi kifuani, inageuka, inasukuma juu kana kwamba inainua mbingu, naye ananyooka kuanzia kisiginoni. Anakaa hapo kitambo kidogo, kisha mikono inaachana na kushuka pembeni, magoti yakilegea tena. Anayeanza haambiwi lolote kuhusu pumzi. Anaachwa apumue anavyopumua, kwa sababu akilazimisha ilingane na mkono atakakamaa. Baada ya wiki kadhaa, mbavu zinapofunguka mikono ikipanda, pumzi huingia yenyewe, na ikishuka hutoka. Hapo ndipo mwalimu huonyesha kwamba vimekwisha kulingana.

Wengi wanaofanya hivi kwa utulivu huhisi viganja vina joto na kitu kama mvuto kati ya mikono, nao huambiwa ni chi. Hisia ipo, sina shaka. Mtu akitulia, mishipa midogo ya mikononi hupanuka na damu ya joto huingia, na umakini wenyewe hukuza kila mguso. Hakuna chombo kilichowahi kupima chi au prana kama nguvu ya pekee, tofauti na joto, damu na neva. Ninayaheshimu mafundisho haya kama ramani ya kuuongoza mwili kwa ndani, na ramani hiyo imefundisha watu kwa vizazi vingi. Anayeuza tiba ya saratani kwa chi ya kiganjani anaitumia kwa jambo lisilo lake.

Kuna mazoezi makali zaidi, kama kuvuta, kuzuia na kutoa kwa uwiano wa moja kwa nne kwa mbili, au bhastrika, pumzi ya mivuo, inayohemwa kwa kasi. Hayo yanahitaji mwalimu aliye mbele yako, na mwenye mimba, kifafa, ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu asiyaguse bila idhini ya daktari. Mwenye pumu aendelee na dawa yake. Na wako wachache wanaoumia akilini. Wachina wana jina la hali hiyo tangu zamani, na mwaka 1994 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliorodhesha mvurugo wa akili unaofuata chigong: mtu halali, anasikia sauti, anaamini nguvu inamtawala mwilini. Huja zaidi kwa anayefanya kwa saa nyingi bila usimamizi, au aliyewahi kuugua akili kabla. Mwalimu mzuri akiona dalili hizo husimamisha mazoezi yote siku hiyohiyo, huhakikisha mtu huyo hayuko peke yake na amekula, kisha humpeleka hospitali.