Kwa Nini Chumba Kinaendelea Kupanda Joto Wakati Hita Imeshazimwa?

Niko huku Isongole, Ileje, ukivuka mto Songwe tu uko Malawi. Baridi ya Juni na Julai ya huku wenyeji mnaijua, na wageni mnaulizwa mlikuja na koti gani. Kwa mfugaji wa vifaranga baridi hii si stori ya kupigia soga, ni hasara. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya maana na anahitaji nyuzi 32 hivi au zaidi pale alipo. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji wameanza kuacha jiko la mkaa, ambalo moshi na hewa yake ya sumu vinaweza kuua vifaranga na binadamu pamoja, wakanunua hita ya umeme na themostati.

Hapo ndipo swali la leo linapoanzia. Mama mmoja jirani ameweka themostati nyuzi 32 kwenye chumba chake cha vifaranga, lakini kila akiingia usiku anakuta mambo mawili tofauti. Saa nyingine vifaranga wamerundikana kwenye hita, saa nyingine wamekimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa yameshuka. Aliniambia, "Mwanangu, hiki kidude kinadanganya, nimekiambia 32 chenyewe kinakwenda 34." Nikamwambia, mama, hakidanganyi, kinafanya ulichokiagiza. Tatizo ni kwamba kuzima hita na kuzuia joto ni vitu viwili.

Tuanze na kidude chenyewe. Ni kile cheusi kidogo cha Kichina kinachoitwa STC-1000, kina namba nyekundu na waya mrefu wenye sensa mwishoni. Ndani yake kuna rilei, yaani swichi inayojibonyeza yenyewe na kutoa ule mlio wa "tak". Ukishika kitufe cha S kwa sekunde 3 hivi unaingia kwenye mipangilio. F1 ni joto unalolitaka. F2 ndiyo mada yetu, ni pengo kati ya kuwasha na kuzima. F3 ni ya kuchelewesha kompresa ya friji, kwa hita tuiache. F4 ni ya kusahihisha sensa kama inasoma kombo.

Pengo ni la nini? Chukulia halipo. Hita ingezimika kwenye 32 kamili, joto likishuka hata chembe ingewaka, likipanda chembe ingezimika. Rilei ingepiga tak tak tak mfululizo na meno yake yangeungua. Kwa hiyo kila themostati ya kuwasha na kuzima lazima iwe na pengo. Kwenye STC-1000, ukiweka F1 iwe 32 na F2 iwe 2, hita inazimika sensa ikifika 32 na haiwaki tena mpaka sensa ishuke hadi 30. Hivyo ndivyo alivyoweka yule mama. Kwa hesabu ya haraka ungesema chumba kitakuwa kati ya 30 na 32 basi. Kumbe sivyo.

Niliomba nikae na chumba kile usiku mmoja na kipima joto cha pembeni, nikakitundika usawa wa vifaranga. Hita ni ile ya mafuta, yenye mapezi kama redieta ya gari, wati 2000. Themostati ilipoandika 32 na kupiga tak, kipimo changu kilikuwa kinasoma 32.8. Hita imezimwa, lakini namba ikaendelea kupanda taratibu kwa kama dakika 5 mpaka 34.6. Kisha ikaanza kushuka. Themostati ilipoandika 30 na kuwasha, kipimo changu kilikuwa 29.5, na joto likaendelea kushuka mpaka 29.0 kabla ya kugeuka. Yaani pengo lililowekwa ni nyuzi 2, lakini vifaranga wanapata bembea ya nyuzi 5.6, kutoka 29.0 hadi 34.6.

Hizo nyuzi za ziada zimetoka wapi? Zina vyanzo viwili, na ukivitenganisha utajua cha kurekebisha.

Cha kwanza ni sensa kuchelewa. Ile ncha ya sensa nayo ni kitu, inatakiwa kupata joto yenyewe kwanza ndipo itoe habari. Hewa ikiwa inapanda nyuzi 0.4 kwa dakika na sensa iko nyuma dakika 2, basi wakati wa kuzima inasoma pungufu kwa 0.8. Ndiyo ile tofauti ya 32 na 32.8. Kwa yule mama mambo yalizidishwa na mahali ilipokaa, fundi aliibana ukutani kwa msumari. Ukuta wa tofali unapata joto polepole kuliko hewa, kwa hiyo sensa ilikuwa inasikiliza ukuta nusu na hewa nusu.

Cha pili, na ndicho kikubwa, ni joto lililohifadhiwa ndani ya hita. Wale tuliosoma Fizikia sekondari tunakumbuka hesabu za joto la kilo moja kwa nyuzi moja. Tufanye makadirio. Hita ya aina hii ina mafuta kama kilo 4 na chuma kama kilo 8. Kuipandisha nyuzi moja kunataka kilojuli 12 hivi. Wakati inazimika mwili wake uko kama nyuzi 80, chumba 32, tofauti ni 48. Zidisha 48 kwa 12, unapata kilojuli 576. Hita ya wati 2000 inatoa kilojuli 2 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo uliobaki ndani ni sawa na hita kuwaka kwa nguvu zote karibu dakika 5 zaidi. Umeme umekatwa, mita ya LUKU imetulia, lakini chumba bado kinapashwa. Si mzigo wote unatoka kabla ya hita kuwaka tena, na sehemu kubwa ya unaotoka inamezwa na kuta. Lakini kinachobaki kwenye hewa ndicho kilichotupandisha kutoka 32.8 hadi 34.6.

Wakati wa kuwasha ni hivyo hivyo kinyume chake. Hita imepoa, dakika za mwanzo umeme unapasha mafuta na chuma chake kwanza, chumba kinasubiri. Ndiyo maana kulishuka mpaka 29.0.

Sasa wengi hapa wanakimbilia dawa moja tu, kupunguza F2. Tulijaribu, tukaweka 0.5. Bembea ilishuka, haikuisha. Ilikuwa nyuzi 2.9, karibu mara 6 ya pengo lililowekwa, kwa sababu mzigo wa hita na uchelewaji wa sensa havisomi F2. Na kuna gharama yake. Mwanzo mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima ulichukua dakika 40, sawa na mara 36 kwa siku. Kwa pengo la 0.5 ukawa dakika 18, mara 80 kwa siku. Rilei inachakaa zaidi ya mara mbili kwa kasi.

Msilichukulie poa hilo. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampea 8.7, na rilei ya STC-1000 imeandikwa ampea 10. Inabeba, lakini karibu na ukomo wake. Meno yakiungua mara nyingi yanaweza kushikana, na yakishikana hita haizimiki tena hata namba ikiandika 40. Huo ndio usiku wa kupoteza vifaranga wote. Kwa hita kubwa mwambie fundi aweke kontakta, themostati iamuru kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Ukiweza, ongeza themostati ya pili kwenye njia ile ile, iliyowekwa nyuzi 36, ikate umeme ya kwanza ikigoma.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kupunguza nguvu ya hita. Unajuaje kama unaweza? Subiri saa ya baridi kali, kama saa 10 usiku, pima dakika za kuwaka na za kuzima. Tulipata dakika 16 imewaka na 24 imezima. Kwa hiyo imewaka 16 kati ya 40, ni asilimia 40. Asilimia 40 ya wati 2000 ni wati 800. Chumba kile kinahitaji wati 800 tu saa mbaya kuliko zote! Hita ile ina swichi za 800, 1200 na 2000. Tukaweka 1200. Ya 800 ingekuwa kwenye ukomo, baridi ikizidi kidogo tu isingefikisha 32. Dalili ya nguvu ndogo ni hiyo, hita inawaka moja kwa moja na namba haifiki.

Kwa wati 1200 joto linapanda polepole, kwa hiyo sensa haiachwi nyuma sana, na mwili wa hita haufiki nyuzi 80, kwa hiyo mzigo unaobaki ni mdogo. Tukaitoa sensa ukutani, tukaitundika hewani usawa wa vifaranga, mbali na hita na isionwe na mapezi yake moja kwa moja. Tukaweka feni ndogo inayopitisha hewa kwenye hita kuelekea juu, isiwapulize vifaranga. F2 tukaiweka 1. Kipimo changu kikasoma kati ya 30.7 na 32.8. Bembea nyuzi 2.1, ndogo kuliko ile ya pengo la 0.5, na rilei inapiga mara chache zaidi.

Mambo mawili ya kuangalia. Hita yenyewe ina kitufe chake cha themostati cha kuzungusha. Kizungushe mpaka mwisho, la sivyo zitakuwa themostati mbili zinazogombana. Ila kile kikatio cha usalama kilichomo ndani yake usikiguse kamwe. Na usitumie F4 kuficha bembea, F4 ni ya sensa inayosoma kombo tu. Kama bembea imeshatulia na wastani uko juu au chini, sogeza F1. Vifaranga wakikua, F1 inashushwa nyuzi 2 au 3 kila wiki.

Mwenye banda lenye hita ya waya wa moto au balbu atuwekee vipimo vyake vinne hapo kwenye maoni: joto la kuzima, la juu kabisa, la kuwasha, na la chini kabisa. Nahisi bembea yake ni ndogo kuliko ya hita ya mafuta, kwa sababu waya hauhifadhi joto jingi. Tulinganishe.