Foleni ya kaunta huanzia ndani ya ruta

Na Mwandishi Wetu

Mwenye duka moja la kahawa na vitafunio mjini Arusha aliamua kuwapa wateja wake waifai ya bure, kwa hesabu kwamba mtu akikaa nusu saa zaidi ataagiza kikombe cha pili. Hesabu hiyo haikuwa mbaya. Lakini Jumamosi moja, meza zilipojaa, mashine ya kadi kwenye kaunta ilianza kungoja jibu la benki bila kulipata, kisha ikakata. Muuzaji akarudia malipo. Mteja alikatwa fedha mara mbili, na mwenye duka akapoteza siku kadhaa akifuatilia benki ili zirudishwe. Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliacha walichoshika wakaenda zao.

Wafanyabiashara wengi wakifikwa na hali hiyo hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Kabla ya kutoa fedha hizo, inafaa kujua kaunta inahitaji nini hasa.

Malipo ya kadi, au risiti inayotumwa kwenye mfumo wa kodi, ni mzigo mdogo sana wa kilobaiti chache tu. Kaunta haihitaji barabara pana, inahitaji kutosubiri. Simu ya mteja ni kinyume chake. Mteja akiunganisha tu waifai, simu yake inaweza kuanza yenyewe kupeleka picha na video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, na itachukua nafasi yote itakayopewa.

Laini ya duka hilo ilikuwa na kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kushusha, na megabiti 2 kupandisha. Wengi huitazama ile 10 na kuisahau ile 2, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Mzigo unapozidi kasi ya kupandisha, modemu haiutupi mara moja, bali huupanga kwenye foleni. Tuseme foleni hiyo ina nafasi ya kilobaiti 500, yaani kilobiti 4,000. Kwa kasi ya kilobiti 2,000 kwa sekunde, itachukua sekunde mbili kumalizika. Ombi dogo la mashine ya kadi likifika, husimama nyuma ya video ya mtu na kungoja sekunde hizo mbili. Malipo moja huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi, hivyo sekunde mbili huzaa nane au kumi, na mashine hukata tamaa.

Hatua ya kwanza aliyochukua mwenye duka ilikuwa kumwekea kila mteja kikomo cha megabiti 1 kushusha. Kwa siku za kawaida, zenye watu watano au sita, mambo yalitulia. Jumamosi iliyofuata walikaa watu kumi na wawili, na tatizo likarudi. Sababu ni hesabu ya kawaida: kumi na wawili mara megabiti 1 ni 12, nayo laini ni 10. Isitoshe, upande wa kupandisha alikuwa hajauwekea kikomo chochote.

Hapa ndipo penye somo. Kikomo cha kila mteja huwalinda wateja wasionyang'anyane wao kwa wao. Kinacholinda kaunta ni kikomo cha jumla, yaani kiwango ambacho wateja wote kwa pamoja hawawezi kukivuka hata wakiwa mia. Duka linahitaji vikomo vyote viwili, na kwa pande zote mbili, kushusha na kupandisha.

Katika duka hilo wateja wote walipewa megabiti 7 kushusha na kilobiti 1,200 kupandisha. Kaunta ikabakiwa na megabiti 3 na kilobiti 800, ambazo ni nyingi kuliko inavyohitaji. Ndani ya fungu lao, kila mteja haruhusiwi kuvuka megabiti 2 kushusha na kilobiti 256 kupandisha, na watu wakiongezeka fungu hugawanywa sawasawa. Wakiwa kumi na wawili wanaopakua kwa pamoja, kila mmoja hupata karibu kilobiti 580: ujumbe na habari zinasomeka vizuri, video inasuasua, lakini kaunta haiguswi.

Ruta ndogo ya MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, inaifanya kazi hiyo kwa mistari mitatu. Waifai ya wateja hutengwa kwanza kwenye mtandao wake, hapa 192.168.20.0/24, na kuzuiwa isifikie kompyuta za kaunta. Kisha fundi huandika:

```
/queue type add name=mteja-juu kind=pcq pcq-rate=256k pcq-classifier=src-address
/queue type add name=mteja-chini kind=pcq pcq-rate=2M pcq-classifier=dst-address
/queue simple add name=wateja target=192.168.20.0/24 max-limit=1200k/7M queue=mteja-juu/mteja-chini
```

Namba ya kwanza kwenye `max-limit` ni ya kupandisha, ya pili ni ya kushusha. Ukizigeuza, wateja watapewa megabiti 7 za kupandisha kwenye laini yenye 2, na utarudi ulikotoka.

Kuna mtego mmoja uliowahi kuwachanganya mafundi wengi. Mipangilio ya kiwandani ya ruta hizi huwa na kanuni iitwayo FastTrack, inayopitisha mzigo kwa njia ya mkato na kuruka vikomo. Kila kitu kitaonekana kimewekwa sawasawa, lakini hakuna kinachofanya kazi. Dalili yake ni hii: wateja wanatumia intaneti, nayo hesabu ya baiti kwenye foleni ya `wateja` haipandi inavyostahili. Kanuni hiyo huzimwa hivi:

```
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
```

Mwenye duka anaweza kupima mwenyewe bila fundi. Kwenye kompyuta ya kaunta yenye Windows, aandike `ping -t 8.8.8.8` na kutazama muda wa jibu. Kisha achukue simu mbili zilizo kwenye waifai ya wateja, azipelekee mtandaoni video ndefu. Kama muda wa jibu ulikuwa milisekunde 40 na unabaki karibu na hapo, kikomo kimeshika. Ukipanda hadi 1,000 au zaidi, foleni bado iko kwenye modemu.

Yapo mambo mawili ambayo vikomo haviwezi kuyatibu. La kwanza ni hewa yenyewe. Simu iliyo mbali, yenye mawimbi hafifu, hutumia muda mrefu wa redio kupeleka mzigo mdogo, na vifaa vyote vilivyo kwenye waifai hiyo huisubiri. Kwa hiyo kompyuta ya kaunta iunganishwe kwa waya, na mashine ya kadi pia kama ina tundu la waya.

La pili ni laini isiyotulia, hasa zile za mtandao wa simu. Iwapo jioni kasi ya kushusha inaanguka hadi megabiti 5, kikomo cha 7 hakilindi chochote. Pima kasi kwa siku kadhaa, saa ambazo duka limejaa, uchukue kipimo cha chini kabisa kisha uwape wateja sehemu yake. Kipimo cha usiku wa manane, au kile kilichoandikwa kwenye mkataba, kisikudanganye.

Kifurushi kikubwa kina wakati wake. Zima waifai ya wateja kwa saa moja ya msongamano. Kaunta ikiendelea kukwama hali iko peke yake kwenye laini, basi kosa si la wateja, na hapo ndipo pa kuzungumza na mtoa huduma.