Saruji Inavyoua Kuta za Mji Mkongwe

Ingia chumba cha chini katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, utaiona alama ileile: rangi imefura malengelenge, plasta imevimba na kudondoka vipande, na nyuma yake pamebaki unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Mwenye nyumba humwita fundi, naye hubandua sehemu iliyoharibika, hupiga plasta mpya ya saruji na kupaka rangi ya plastiki. Kwa muda ukuta hupendeza. Kisha unyevu hurudi, na safari hii hutokea juu zaidi ya pale palipozibwa.

Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita hivi, bila kizuizi chochote cha maji kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake. Waashi wa zamani hawakuyazuia. Waliyaachia njia ya kutokea. Plasta ya chokaa ina vinyweleo vingi, kwa hiyo unyevu ulipita na kukauka usoni mwa ukuta. Saruji na rangi ya plastiki huifunga njia hiyo, na maji yakikosa pa kutokea huzidi kupanda.

Lakini maji peke yake si adui mkubwa kama chumvi yaliyoibeba. Hutoka kwenye upepo wa bahari, kwenye mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea, na hata kwenye mashimo ya maji machafu yaliyo karibu. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kuganda kuwa chembe ngumu zinazosukuma vinyweleo mpaka vipasuke. Ukuta ukiwa na plasta ya chokaa, vita hivyo hupiganwa kwenye plasta yenyewe, ambayo ni rahisi kubadilishwa. Ukiwa na saruji, chumvi huganda nyuma yake, na kinacholika ni jiwe na chokaa ya miaka mingi. Ndiyo maana wakati mwingine plasta ya saruji hung'oka ikiwa bado ngumu, huku mgongoni imeshikilia vipande vya ukuta.

Kujua ulichonacho, kwaruza mahali pasipoonekana kwa msumari: chokaa huchubuka na kutoa unga, saruji hukataa. Kisha gonga kwa kidole. Mlio wa utupu una maana kuwa plasta imekwisha kuachana na jiwe.

Tuseme ni ukuta wa sebule ya chini, umelowa kufikia kiunoni. Kazi huanzia nje. Bomba linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, au kifusi kilichorundikwa ukutani vishughulikiwe kwanza, la sivyo fedha ya plasta itapotea. Baada ya hapo plasta ya saruji hubanduliwa kwa nyundo na patasi, taratibu, kupita kidogo juu ya alama ya unyevu. Palipo na saruji iliyoshika sana hata mawe yakaanza kutoka nayo, simama umwite mtaalamu. Ukuta uachwe wazi ukauke, na kwa unene huo ni suala la miezi. Chumvi inayojitokeza ipigwe brashi kavu na kutupwa nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Plasta yenyewe ni kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa vizuri kwa vitatu vya mchanga safi usio na chumvi. Fundi avae miwani, kwani chokaa huunguza macho. Ukuta hulowanishwa kidogo, kisha plasta hupigwa kwa tabaka za sentimita moja hivi, kila tabaka ikisubiri iliyotangulia ikaze. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, nayo huhitaji unyevu ili ifanye hivyo, kwa hiyo huwekewa kivuli cha magunia mabichi. Ikikaushwa na jua la mchana hubaki unga. Mafundi wengi huongeza konzi ya saruji ili kazi iende haraka, na hapo ndipo huanza kuufunga tena ukuta.

Rangi inayofaa ni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, ipakwe mara nne au tano juu ya ukuta wenye unyevunyevu. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, huchafua nguo za anayeegemea, na hupaswa kurudiwa kila baada ya miaka michache. Asiyetaka usumbufu huo aulize rangi ya silikati, ambayo pia hupitisha unyevu. Vyovyote iwavyo, chumvi iliyozama ukutani haitatoka yote mara moja, na huenda plasta ya kwanza ya chokaa ikaharibika na kuhitaji kupigwa upya. Hiyo ndiyo kazi yake, na hata ukiipiga mara mbili ni nafuu kuliko kujenga upya ukuta wa mawe.