Unapokanyaga Mafuta, Nani Anasikia?

Wasomaji wetu, siku moja tulikuwa tunampeleka mama mjamzito hospitalini kwa gari la kikundi, Toyota ya petroli. Tulipofika mlimani taa ya injini ikawaka, na gari likakosa nguvu. Dereva alikanyaga mafuta mpaka chini, lakini gari likazidi kujikokota tu. Tulifika, ila tulichelewa sana.

Kesho yake fundi wa kwanza alifungua boneti akitafuta kebo ya kukaza. Hakuiona. Akatuambia kifaa chote cha kuingiza hewa kwenye injini kimekufa, tununue kingine. Tuliona afadhali tuulize kwanza. Fundi wa pili alicheka kidogo, akasema, "Mama, hii gari haina kebo ya mafuta. Hii inatumia umeme."

Hebu tueleze tofauti yake. Katika injini ya petroli, mguu wako hausukumi mafuta moja kwa moja. Unafungua kilango kidogo cha hewa, na petroli hupimwa kulingana na hewa iliyoingia. Kwenye gari za zamani, pedali imefungwa kebo ya chuma inayovuta hicho kilango. Kebo ikichakaa, mguu wenyewe unakuambia: pedali inakuwa nzito, inakwama, au inalegea.

Kwenye gari za siku hizi kebo imeondolewa. Juu ya pedali kuna sensa inayopima umekanyaga kiasi gani, na inapeleka habari hiyo kwa kompyuta ya injini kama volti. Kompyuta ndiyo inaamuru mota ndogo ifungue kilango. Kwa hivyo wewe unaomba tu, na kompyuta ndiyo inaamua. Na kwa kuwa pedali ina springi yake yenyewe, mguuni utaiona ni nzima hata kama sensa imeharibika.

Sasa, kompyuta itajuaje kwamba sensa haidanganyi? Kwa sababu hiyo ndani ya pedali mmewekwa sensa mbili, kila moja na nyaya zake tatu, kama mashahidi wawili wanaoulizwa swali moja. Kwenye gari letu, pedali ikiwa haijakanyagwa, ya kwanza husema karibu volti 0.8 na ya pili karibu volti 1.6. Ukikanyaga, zote mbili hupanda pamoja, na ile tofauti ya 0.8 hubaki vilevile. Gari za kampuni nyingine zina mpango tofauti. Kwa mfano, kuna zile ambazo sensa ya pili husoma nusu ya ile ya kwanza. Lakini wazo ni hilo hilo: mashahidi wakitofautiana, kompyuta haiwaamini tena. Inawasha taa na kupunguza nguvu, kwa sababu ni heri gari litembee polepole kuliko likimbie lenyewe bila dereva kutaka.

Fundi aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta, ikaonyesha P2121, maana yake habari za pedali hazipatani. Hakukimbilia kununua kitu. Alimwambia kijana wake akanyage pedali nusu na aishikilie hapo. Mashine ikasoma 2.0 na 2.8, sawa kabisa. Kisha akatikisa nyaya zinazoingia kwenye soketi ya pedali. Ile 2.0 ikabaki palepale, lakini 2.8 ikaanguka mpaka 1.3, halafu ikarudi. Mguu haukusogea, kwa hivyo ubovu ulikuwa kwenye waya, si kwenye pedali.

Alipochomoa soketi, tuliona pini moja imeota kutu ya kijani. Dereva wetu alikuwa na tabia ya kuosha sakafu ya gari kwa mpira wa maji, na maji yakaruka mpaka kule juu. Pini ilisafishwa kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme, ikakaushwa, na ile kodi ikafutwa. Fundi akatikisa tena, na tofauti ikabaki 0.8. Hatukununua kifaa chochote.

Basi tujue hivi: ile kodi inasema ni habari gani haipatani, haisemi ni kifaa gani kimekufa. Inaweza kuwa sensa, waya au soketi. Mwombe fundi akuonyeshe zile volti mbili pedali ikiwa juu, ikiwa katikati na ikiwa chini kabisa, tena akitikisa nyaya. Hapo ikiwa namba moja inaruka hata nyaya zikiwa zimetulia na soketi ni safi, ndipo ufikirie pedali mpya. Nayo sakafu ya gari, ipanguseni kwa kitambaa.