Kukataa Kazi kwa Barua Pepe bila Kukata Uhusiano

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, barua nyingi za kazi nchini bado huandikwa kwa Kiingereza, na anayeandika kwa Kiswahili mara nyingi huyachukua maneno ya barua hizo na kuyafasiri moja moja. Madhara ya jambo hili huonekana zaidi katika barua ya mtu aliyepewa kazi naye hataki kuichukua, lakini angependa kukumbukwa siku nyingine. Barua hiyo ina kazi mbili zinazovutana: kufunga na kuacha wazi. Makala haya yanaeleza jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kuzitenganisha kazi hizo mbili, na jinsi zinavyoharibiana zikichanganywa.

Na ichukuliwe hali ya mhitimu mmoja wa kilimo, mkazi wa Dundori. Mwezi wa Mei anapokea barua pepe kutoka shamba moja la maua huko Naivasha, mji ulio kiasi cha kilomita 70 kutoka Nakuru. Anapewa nafasi ya msaidizi wa msimamizi wa umwagiliaji, aanze kazi tarehe 1 Juni, na ajibu katika muda wa siku saba. Kazi yenyewe ndiyo aliyoisomea. Lakini shamba la viazi la familia yake lilipandwa mvua za masika zilipoanza, na mwaka huu hapana mwingine wa kulisimamia mpaka mavuno ya Agosti. Amekata shauri kubaki nyumbani. Je, aandike nini?

Rasimu yake ya kwanza ina sentensi hii: "Kwa sasa siwezi kuja kwa sababu ya shughuli za nyumbani, lakini naomba mnikumbuke." Msomaji wa kawaida ataiona kuwa sentensi ya adabu. Meneja wa wafanyakazi, ambaye ana nafasi moja na mwombaji wa pili anayengoja, ataiona kuwa ni fumbo. Yako maneno mawili yanayolisababisha.

La kwanza ni "siwezi". Kitenzi hiki hutaja kizuizi, wala hakitaji uamuzi. Anayeambiwa "siwezi" ana haki ya kuuliza kizuizi ni kipi na kujaribu kukiondoa: atatoa nauli, au chumba cha kulala, au wiki mbili zaidi. Hapo mwandishi atalazimika kukataa mara ya pili, na kukataa kwa mara ya pili huudhi kuliko kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sasa mwenzake amejitolea zaidi. Kitenzi "nakataa" nacho kina tatizo la upande wa pili. Ni wazi, lakini katika masikio ya Waswahili wengi kinamgusa mtoaji pamoja na kile anachotoa. Mtu hukataa rushwa, hukataa amri, hukataa posa. Kati ya hivyo viwili kuna "nimeamua kutoikubali nafasi hii". Hali ya -me- inaonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka, na kukanusha kwa kuto- kunaielekea nafasi, si watu walioitoa.

La pili ni "kwa sasa". Maneno haya hayana kosa ndani yake; kosa ni mahali yalipowekwa. Yakikaa katika sentensi ya kukataa, yanaupunguza ukataaji wenyewe: huenda jibu likabadilika wiki ijayo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, uso na sauti humsaidia msikilizaji kujua kwamba "kwa sasa" ni upole tu. Barua pepe haina uso. Kwa hiyo kikomo cha wakati sharti kihamishwe kutoka sentensi ya kukataa hadi aya inayohusu siku za mbele, na huko kitajwe kwa jina la mwezi.

Dalili kwamba barua imeshindwa huonekana katika jibu. Meneja akiandika "Basi tukutarajie lini?" au "Ni mshahara unaokusumbua?", ni dhahiri kwamba hakuusoma ukataaji. Akiandika "Tumeelewa, tunakutakia heri", barua imefanya kazi yake ya kwanza.

Upande wa kuacha mlango wazi nao una sarufi yake. Kiswahili kina viambishi vitatu vya sharti vinavyohusika hapa, na kila kimoja kinaufungua mlango kwa kipimo chake. Sentensi "Ningefurahi kufikiriwa" hulifanya jambo liwe la kudhaniwa lakini linalowezekana. Sentensi "Ningalifurahi kufikiriwa", kwa sarufi ya vitabu, huliweka jambo hilo katika wakati uliopita na kuonyesha kwamba halikutokea wala halitatokea. Mwandishi anayeitumia akidhani kwamba ni adabu zaidi ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ni kweli kwamba wasemaji wengi siku hizi huvichanganya viambishi hivi viwili bila kujali, lakini mwandishi hawezi kujua atasomwa na nani, na -nge- haina hatari yoyote. Cha tatu ni -ki-, kama katika "nafasi ikitokea". Hiki ni bora kuliko "nafasi itakapotokea", kwa maana -taka-po- huchukulia kwamba nafasi itatokea bila shaka, na hivyo humwekea mwajiri deni ambalo hakulikubali.

Hapa hapana budi kueleza ni kitu gani hasa kinachobaki wazi, kwa sababu wengi hukosea. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaifuata sheria ya mazoea ya Kiingereza, na katika sheria hiyo pendekezo likikataliwa limekufa. Mfano unaotajwa sana ni kesi ya Hyde na Wrench ya mwaka 1840, nayo ilihusu shamba. Wrench alilitoa shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench alipokataa, Hyde akarudi na kusema kwamba sasa anazikubali zile 1,000. Mahakama iliamua kwamba hapakuwa na mkataba, kwani lile jibu la 950 lilikuwa limekwisha kuliua pendekezo la kwanza. Vivyo hivyo, mhitimu wa Dundori hawezi kurudi Septemba na kudai nafasi aliyopewa Mei, hata barua yake iwe ya upole namna gani. Kinachobaki ni jina lake katika kumbukumbu za mwajiri, na haki ya kuomba upya kama waombaji wengine.

Kutokana na hayo, swali moja linafaa kuulizwa kabla ya barua yoyote ya kukataa: je, anaikataa kazi, au anaikataa tarehe? Ikiwa ni tarehe tu, asikatae kwanza. Aulize: "Je, tarehe ya kuanza kazi inaweza kusogezwa hadi mwanzo wa Septemba?" Swali la kutaka kujua si ukataaji, na halina sharti ndani yake; pendekezo hubaki hai mpaka siku saba zitimie au mwajiri aliondoe. Lakini akiandika "Nitakubali mkisogeza tarehe", ametoa pendekezo jipya badala ya lile la kwanza, kama alivyofanya Hyde. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni ndogo katika sauti na kubwa katika matokeo. Na ichukuliwe kwamba mhitimu huyu ameuliza, akajibiwa kuwa maua hayangoji. Sasa ndipo aandike:

"KUH: NAFASI YA MSAIDIZI WA MSIMAMIZI WA UMWAGILIAJI

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,

Nimeipokea barua yenu ya tarehe 12 Mei inayonipa nafasi iliyotajwa hapo juu. Nashukuru kwa imani mliyoniwekea, na pia kwa kunitembeza kwenye matangi na mabomba ya shamba siku ya mahojiano.

Baada ya kuyapima majukumu yangu, nimeamua kutoikubali nafasi hii. Nalisimamia shamba la familia hapa Dundori hadi mavuno ya viazi. Tafadhali msiizuie nafasi hii kwa ajili yangu.

Umwagiliaji ndio kazi niliyoisomea. Kuanzia Septemba nitakuwa huru, na nafasi ya aina hii ikitokea, ningefurahi kufikiriwa pamoja na waombaji wengine. Anwani hii na nambari ya simu iliyo katika wasifu wangu hazitabadilika.

Wenu mwaminifu,"

Barua hii ina aya tatu, na kila aya ina jambo moja. Shukrani inataja kitu ambacho kwa hakika kilitendeka, kwa sababu hiyo haiwezi kudhaniwa kuwa imenakiliwa. Sababu ya kukataa ni moja. Sababu mbili huzua shaka kwamba ipo ya tatu iliyofichwa, na sababu ya ugonjwa wa nyumbani humlazimisha mwajiri kutoa pole badala ya kutafuta mtu mwingine. Sentensi ya "msiizuie" ndiyo inayomwondolea meneja mashaka yote. Ni zawadi kwake, maana sasa anaweza kumwandikia mwombaji wa pili siku ile ile. Aya ya mwisho inataja aina ya kazi, mwezi, na njia ya kumpata mwandishi. Ikikosa hayo, maneno "naomba mnikumbuke" hayana cha kukumbukwa. Lakini mwezi uliotajwa ni ahadi. Asiyekuwa na hakika na Septemba asiitaje.

Katika barua yote mwajiri anaitwa "ninyi", hata kama aliyeandika ni mtu mmoja, kwa sababu nafasi ilitolewa na shamba. Kuchanganya "barua yako" na "imani yenu" humwacha msomaji asijue kama anaambiwa yeye au ofisi yake. Ifaa pia jibu litumwe kwa kubofya Reply katika barua ile ile ya mwajiri, lisiandikwe upya, ili barua zote mbili zikae pamoja na Septemba zionekane kwa mara moja.

Haya yote yana mpaka wake. Mtu akishatia sahihi mkataba, barua ya kukataa haina nafasi tena. Anachopaswa kutoa ni ilani. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 35, mwenye kulipwa kwa mwezi hutoa ilani ya siku 28 kwa maandishi, na aliye katika mkataba wa majaribio hutoa ya siku 7, kwa kifungu cha 42. Kwa hiyo asiyeamua asitie sahihi kwa heshima tu, akitumaini kujitoa baadaye. Meneja aliyekataliwa Mei kwa sentensi iliyo wazi ataweza kulisoma jina lile lile Septemba bila kinyongo. Aliyekubaliwa Mei na kuachwa Juni, wakati maua yanahitaji maji, atalikumbuka jina hilo kwa namna nyingine.