Bei ya Hisa Isiyouzwa Sokoni

Mfuko wa pensheni wenye hisa za benki iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam haupati taabu kujua thamani yake tarehe 31 Desemba. Bei ya kufunga siku inajulikana, unazidisha kwa idadi ya hisa, basi. Taabu huanza mfuko huohuo unapokuwa na asilimia 15 ya kiwanda cha unga ambacho hisa zake hazijawahi kupita sokoni. Hesabu zinadai thamani ya haki, yaani bei ambayo ungeipata siku hiyo kama ungeuza bila kulazimishwa. Ila hakuna aliyenunua wala aliyeuza.

Kiwango cha kimataifa cha IFRS 13, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinazigawa taarifa zinazoingia kwenye ukadiriaji huo katika ngazi tatu. Ya kwanza ni bei ya sokoni ya kitu kilekile, bila kuirekebisha. Soko lenyewe lazima liwe hai. Hisa inayouzwa mara moja kwa miezi kadhaa inaweza kukosa ngazi hii hata kama ipo kwenye orodha. Ya pili ni taarifa nyingine zinazoonekana sokoni, mfano riba za hatifungani za serikali zinazotumika kukadiria hatifungani inayofanana nazo. Ya tatu ni taarifa ambazo hakuna mtu wa nje anayeziona, kama bajeti za kiwanda na makadirio ya menejimenti. Taarifa ya ngazi ya chini ikiwa na uzito katika jibu, ukadiriaji wote hushuka nayo. Kuwa ngazi ya tatu si kosa, ila hapo ndipo mkaguzi anapovua koti.

Tuseme mfuko umeandika hisa za kiwanda hicho kuwa shilingi bilioni 5.1. Menejimenti ilichukua faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, bilioni 5, ikazidisha kwa 8, ikatoa madeni ya bilioni 6, ikabaki na 34. Asilimia 15 yake ndiyo hiyo 5.1. Kujumlisha na kutoa kuko sawa kabisa, na mkaguzi mchanga angeridhika hapo.

Mzoefu anaanza na ile bilioni 5. Anaomba hesabu zilizokaguliwa za kiwanda na kukuta bilioni 1 imetokana na kuuza kiwanja. Kiwanja hakiuzwi kila mwaka, kwa hiyo faida ya kuzidishwa ni bilioni 4. Kisha anauliza 8 imetoka wapi. Anaonyeshwa orodha ya kampuni za vyakula zilizo kwenye masoko ya hisa, nyingine kubwa mara nyingi kuliko kiwanda hiki na zinauza nchi kadhaa. Akibakiza zinazokaribiana nacho kwa biashara na ukubwa, anapata kati ya 6 na 8. Mwisho, anayenunua hisa chache za kampuni isiyo sokoni anajua atahangaika kuziuza, hivyo hulipa pungufu. Menejimenti haikuweka punguzo lolote. Mkaguzi, akisaidiwa na mthamini, anaona asilimia 20 inatetewa na ushahidi.

Kwa kizidishio cha 7, kiwanda ni bilioni 28. Toa madeni, inabaki 22. Fungu la mfuko ni 3.3, na baada ya punguzo ni 2.64. Kwa 6 ni 2.16, kwa 8 ni 3.12. Namba moja tu ya kizidishio inahamisha shilingi milioni 480, ndiyo maana wasomaji wa hesabu wanastahili kuelezwa jinsi jibu linavyoyumba.

Ushahidi bora kuliko hesabu hizi ungekuwa mauzo halisi. Menejimenti inataja mbia aliyeuza hisa kwa bei nzuri. Mkaguzi anaomba mkataba na uthibitisho wa malipo benki: aliyenunua ni nani, lini, na je, ana undugu na muuzaji? Mauzo ya mtu kwa shemeji yake hayasemi mengi. Pia anatazama makadirio ya mwaka jana. Kama bajeti iliahidi ukuaji ambao haukutokea, ya mwaka huu inasomwa kwa jicho kali zaidi. Barua ya menejimenti inayothibitisha kwamba bei ni ya haki inahitajika, lakini peke yake si ushahidi wa kutosha.

Mkaguzi hadai mfuko uandike 2.64 hasa. Chochote ndani ya 2.16 hadi 3.12 kinavumilika. Kosa analoliandika ni umbali kutoka 5.1 hadi ukingo ulio karibu, yaani bilioni 1.98. Menejimenti ikikataa kurekebisha, na kiasi hicho ni kikubwa kwa mfuko huo, maoni yake hayatakuwa safi. Na kama mfuko unalipa wanaojitoa kwa thamani iliyoko vitabuni, anayestaafu mwaka huo ataondoka na fedha za wanaobaki.