Mikate Arobaini kwa Siku

Wanablogu wa chakula hupokea kila siku salamu za aina moja: "Dada, tunaomba tushirikiane, tutakutumia bidhaa zetu." Nyingi hazijibiwi, na si ajabu, maana hazisemi kazi ni ipi, ya lini, wala malipo ni nini. Tuseme yuko mama wa Tanga anayeoka mikate ya kumimina kwa oda. Ujumbe wake wa WhatsApp ungeweza kuwa hivi:

"Asalaam aleikum dada. Naoka mikate ya kumimina hapa Ngamiani. Niliona video yako ya vitumbua, nikapenda ulivyokipasua kimoja tukaona ndani. Naomba nikuletee mikate minne Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, ya moto, unifanyie video moja fupi ukiukata mkate. Nitakulipa 60,000, nusu kabla. Sema ukweli wako, hata kama sukari imezidi, na uwaambie watazamaji kuwa umelipwa. Naomba pia ruhusa ya kuiweka video kwenye ukurasa wangu kwa miezi mitatu. Kwa siku naweza mikate 40 tu, oda siku moja kabla. Tafadhali lisikose hilo. Kama bei yako ni nyingine, niambie."

Saa nne ina sababu yake. Uzuri wa mkate huu ni yale matundu yanayoonekana ukikatwa, na ladha yake ni ya siku ileile. Ukirekodiwa kesho yake umekwisha kukauka, na lawama atabeba muokaji.

Ila sentensi ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya mikate 40. Mchele huloweka usiku kucha, husagwa na tui, kisha hutiwa hamira na kuachwa uumuke. Hakuna wa kuuharakisha. Video ikivuma zikaja oda 200 kwa siku moja, wanaokosa watalalamika palepale chini ya video, mbele ya wateja wapya.

Na pesa je? Tuseme mkate anauuza 5,000 na unamgharimu 3,000. Mikate minne ya zawadi ni 12,000. Ukijumlisha na malipo ni 72,000. Kwa faida ya 2,000 kwa mkate, inabidi auze mikate 36 ya ziada ili pesa irudi. Kujua kama imerudi si kazi: kila mteja mpya aulizwe ametoa wapi namba, jibu liandikwe kwenye daftari la oda. Punguzo la bei nisingelipendekeza, maana linakula hiyohiyo faida ndogo.

Kwa futari, ujumbe utangulie mapema katika Shaaban. Ramadhani ikishaanza, mwanablogu ana kazi tele na oveni imejaa.

Dada akijibu kwamba bei yake ni 150,000, hesabu inapanda hadi mikate 81, zaidi ya siku mbili nzima za kuoka. Hapo mama anaweza kuomba picha mbili badala ya video, au akashukuru na kumtafuta mwenye watazamaji wachache zaidi, mradi wawe wakazi wa Tanga.